Sulhu, Tahkimu au Mahakama? Kisa cha Vitanda 24 na Deni la Shilingi 450,000



Ndugu zangu, kila juma hunijia watu wawili watatu baada ya swala ya Isha wakiwa na karatasi mkononi. Si talaka, si mirathi. Ni biashara. "Sheikh, tuliandikiana, na sasa halipi." Na swali lao huwa ni moja: nimpeleke wapi? Wengine huuliza kama Kadhi anaweza kuwaamulia.

Hili la Kadhi tulimalize mwanzo, maana linawapotezea watu miezi. Hapa Kenya, Katiba kifungu cha 170 kimeipa Mahakama ya Kadhi mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, tena pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda huko. Mkataba wa kuuziana vitanda haumo. Hata mkiwa nyote wawili ni maimamu, Kadhi atakurudisheni mlangoni, na atakuwa na haki.

Kwa hiyo njia zimebaki tatu, na vitabu vyetu vya fiqhi vinazijua kwa majina yao. Ya kwanza ni sulhu: mtu wa tatu anawasaidia mkubaliane wenyewe, hana mamlaka ya kumlazimisha yeyote. Ya pili ni tahkimu: mnamchagua hakamu kwa ridhaa yenu, anawasikiliza, kisha anatoa uamuzi ambao umewafunga mpende msipende. Ya tatu ni mahakama, ambayo haingoji ridhaa ya yule mwingine. Nimeshika maneno haya ya fiqhi kwa makusudi, kwa sababu neno "usuluhishi" limebebeshwa mizigo miwili. Kule Tanzania, Sheria ya Usuluhishi inahusu tahkimu, lakini Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile ya migogoro ya kazi, kwao usuluhishi ni sulhu na uamuzi ndiyo tahkimu. Mtu anaweza kutia saini karatasi yenye neno "usuluhishi" akidhani anakwenda kupatanishwa, kumbe amemkabidhi mtu kalamu ya kumhukumu. Basi kabla ya saini uliza swali moja tu: huyu mtu wa tatu anaweza kuniamulia bila mimi kukubali? Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni tahkimu.

Sasa kisa. Wahusika wameniruhusu nikieleze, nami nimeficha majina na mahali.

Fundi mmoja wa samani, mwenye karakana ya watu watano, aliandikiana na mama mmoja mwenye nyumba ya wageni. Vitanda 24 kwa shilingi 24,000 kila kimoja, na makabati 12 kwa shilingi 27,000. Jumla shilingi 900,000. Nusu ililipwa mwanzo, 450,000, na nusu ilipwe siku ya kupokea. Fundi alichelewa siku 19. Mama akapokea mzigo, akatia saini, akaviweka vitanda vyumbani. Wiki chache baadaye vitanda 6 vikapasuka mbao za ubavuni. Mama akazuia ile nusu ya pili.

Hesabu ya mama ilikuwa hivi: vitanda 6 vibovu ni 144,000. Kwa kuchelewa nilipoteza kundi la wageni, 180,000. Kwa hiyo ninadaiwa 126,000 tu, na hizo atazipata nikipenda. Hesabu ya fundi ilikuwa fupi zaidi: umepokea, umetia saini, umelalia, lipa 450,000. Tofauti baina yao ilikuwa 324,000.

Nikaomba mkataba. Kurasa mbili, zimenakiliwa kutoka mtandaoni, na kwenye kifungu cha mwisho kimeandikwa kuwa mzozo wowote utaamuliwa na mahakamu watatu, mjini London. Mama akacheka, fundi hakucheka. Watu wawili ambao karakana na nyumba zao zinaweza kufikiana kwa bodaboda wameandikiana kwenda Uingereza kwa deni la vitanda.

Lakini msidhani kifungu kama hicho ni mapambo. Sheria ya Kenya ya mwaka 1995 inayosimamia tahkimu inasema, katika kifungu cha 6, kwamba ukishtakiwa mahakamani na mkataba wenu una sharti la tahkimu, unaweza kuiomba mahakama isimamishe kesi mwende kwa hakamu. Mahakama itasimamisha, isipokuwa ikiona sharti lenyewe ni batili au halitekelezeki. Ila ombi hilo lina wakati wake: ulilete mapema, usipitishe ule wakati unapojitokeza rasmi mahakamani kuitikia kesi. Ukijibu mashtaka kwanza, ukabishana, kisha mwezi wa tatu ukakumbuka kifungu, umechelewa. Hapa fundi alikuwa katika hatari: angeweza kulipa ada na kufungua kesi, kisha mama akaizima kwa karatasi moja, si kwa sababu anataka London bali kwa sababu hataki kulipa. Kwa hivyo jambo la kwanza nililowaomba, kabla ya kuzungumzia mbao wala pesa, ni kuandika mstari mmoja na kutia saini wote wawili: kifungu cha London kimefutwa, na tusipopatana, kila mmoja yuko huru kwenda mahakamani hapa. Wakakubali. Wakati mwingine huo ndio ushindi wa kwanza wa sulhu, kukubaliana mtakapogombania.

Fundi akaniuliza, "Sheikh, kwani tusikuweke wewe uwe hakamu, useme neno moja tumalize?" Nilikataa, na sababu zangu zinawahusu wazee wengi wa misikiti wanaosoma hapa.

Tahkimu ina sura ya kuvutia, lakini ina gharama ambazo biashara ndogo hazizioni. Jaji analipwa na serikali, hakamu analipwa na nyinyi. Kwa kawaida huomba amana kabla ya kuanza, nusu kwa nusu, na mwenzako akigoma kutoa nusu yake, wewe unayetaka kesi iende utatoa zote ukitumaini kurudishiwa. Uamuzi ukiwa tayari, hakamu anaruhusiwa kuuzuia mpaka alipwe. Na aliyeshindwa akikaa kimya asilipe, hakamu hana askari. Itabidi uende Mahakama Kuu kuomba uamuzi utambuliwe na utekelezwe, na mwenzako ana miezi mitatu tangu kuupokea ya kuomba ubatilishwe. Sababu za kubatilisha ni chache, na "hakamu amekosea hesabu ya ushahidi" si mojawapo. Sababu inayowaponza wazee wetu ni ile ya mtu kutopewa nafasi ya kusema. Mzee anamsikiliza mmoja nyumbani kwake juu ya kahawa, anamsikiliza mwingine kwa simu, kisha anatoa hukumu kwa mdomo. Hiyo haitasimama. Hakamu husikiliza wote wawili, kila mmoja akiyajua ya mwenzake, na uamuzi wake huwa wa maandishi, wenye saini, tarehe na sababu.

Hapo ndipo ilipo tofauti kubwa na sulhu. Mpatanishi anafanya kinyume chake: anakaa na kila mmoja faragha, na anaambiwa siri. Sasa mtu aliyebeba siri za pande zote mbili atageukaje jioni ile ile awe hakamu? Atahukumu kwa yale ambayo mwenzako hakuyasikia na hakupata kuyajibu. Na watu wakijua kuwa mpatanishi atakuwa hakamu, hawatamwambia ukweli tangu mwanzo. Chagua kofia moja.

Je, tahkimu haifai kabisa? Inafaa, tena sana, pale mzozo wenyewe ni wa kitaalamu na pesa ni nyingi za kustahimili gharama, au pale siri za biashara hazitakiwi kusomwa hadharani. Kama swali lote la kisa hiki lingekuwa "mbao hizi zilikauka au hazikukauka?", hakamu mmoja anayejua mbao angeingia chumbani, akazigusa, akapima unyevu kwa kifaa chake, akamaliza. Faida ya tahkimu ni hiyo: kumchagua mwamuzi anayeijua kazi. Mahakamu watatu kwa shilingi 450,000 ni ada inayoila nguruma pamoja na ndoana yake.

Basi tukaingia kwenye sulhu. Niliweka masharti manne kwa karatasi kabla ya kuanza: yatakayosemwa hapa hayatatumiwa mahakamani, kila mmoja alete karatasi zake, kila mmoja awe na uwezo wa kukubali mwenyewe bila kusema "nitamuuliza mtu", na tuna siku 14, zikiisha bila mapatano kila mtu aende njia yake. Hilo la siku ni muhimu. Kuna wadaiwa wanaoipenda sulhu kuliko maimamu, kwa sababu kila kikao ni mwezi mwingine wa kutolipa. Utawajua: haleti hesabu, anamtuma mdogo wake asiyeweza kuamua lolote, na kila mnapokaribia kiwango anazua lalamiko jipya. Ukiyaona hayo, funga kikao. Na mjue kuwa kukaa katika sulhu peke yake hakusimamishi saa ya sheria. Madai ya mkataba hapa Kenya yana miaka 6.

Nilipokaa na fundi peke yake, aliniambia asilosema mbele ya mama. Mbao zilinunuliwa wakati wa masika, na yeye alijua hazijakauka vizuri, lakini tarehe ilikuwa imemkaba. Pili, hakuhitaji 450,000 leo. Alihitaji 200,000 kabla ya mwisho wa mwezi, la sivyo mwenye mbao angemfungia mkopo na karakana ingesimama.

Nilipokaa na mama, yeye naye alikuwa na yake. Hakutaka kurudisha hata kitanda kimoja, alitaka vyumba vyote viwe tayari kabla ya msimu wa Disemba. Na lile kundi la wageni? Lilikuwa simu tu. Hakuna barua, hakuna amana iliyorudishwa, hakuna ujumbe. Nikamwambia kwa upole, "Mama, mbele ya hakimu 180,000 ya simu isiyo na karatasi itakuwa nzito kuithibitisha." Akanyamaza. Akasema, "Lakini siku 19 Sheikh, siku 19." Nikaelewa kuwa hapo pana uchungu wa kweli, na uchungu huo una bei, ila si 180,000.

Ndugu zangu, mnakumbuka kisa kilichomo katika Bukhari na Muslim, cha Kaab bin Malik alipomdai Ibn Abi Hadrad deni ndani ya msikiti mpaka sauti zikapanda. Mtume, swalla Allahu alayhi wasallam, alitoka, akamwashiria Kaab apunguze nusu. Kaab alipokubali, akamwamuru mdaiwa ainuke alipe. Watu hukumbuka ile nusu. Mimi kilichonishika ni kile cha pili: punguzo lilifuatiwa papo hapo na malipo. Mdai hapunguzi ili akasubiri tena. Ndiyo maana sikumgusia fundi punguzo mpaka nilipojua mama ana kiasi gani mkononi siku ile.

Alikuwa nacho. Tukafika hapa: mama analipa 200,000 siku ile ile kwa simu, tukiwa tumekaa. Fundi anabadilisha mbao za vitanda 6 kwa gharama yake ndani ya siku 21, kwa mbao zilizokauka, akifanya kazi kati ya saa nne na saa kumi wageni wakiwa nje. Kazi ikipokelewa, mama analipa 150,000. Baada ya siku 90, kama hakuna ufa mpya, analipa 60,000 za mwisho. Jumla 410,000. Shilingi 40,000 fundi amezisamehe kwa kuchelewa.

Hakuna hakimu ambaye angetoa hukumu ya namna hiyo. Si kwa ubaya, bali mahakama ya madai ya pesa inagawa pesa. Haipangi saa za fundi kuingia vyumbani.

Sasa, kuandika. Hapa ndipo sulhu nyingi hufa, watu wakipeana mikono na kusoma Fatiha kisha wakaondoka bila karatasi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Baqara, inahusu kuandika deni, na bado tunapeana mikono. Mapatano ya sulhu nje ya mahakama ni mkataba mpya, hayana nguvu ya hukumu. Kwa hiyo yaandikwe kana kwamba yatavunjwa. Tuliandika mambo matatu ambayo nawaomba myashike. Moja, mama anakiri anadaiwa 410,000, kwa maneno hayo, si "pande mbili zimeelewana". Pili, akikosa awamu moja kwa zaidi ya siku 7, kiasi chote kilichobaki kinadaiwa mara moja. Tatu, nani anathibitisha kuwa kazi ya mbao imekamilika, maana "ikikamilika" bila mthibitishaji ni mzozo mwingine. Tulimtaja seremala mwingine, asiye wa upande wowote, na ujira wake wagawane.

Ukiwa na karatasi kama hiyo, mahakama inabadilika sura. Huna tena kesi ya mbao na siku 19. Una kesi ya deni lililokiriwa kwa saini.

Na mahakama yenyewe, kwa kiasi kama hiki, si ile mnayoiogopa. Sheria ya Mahakama ya Madai Madogo ya mwaka 2016 inapokea madai yasiyozidi shilingi 1,000,000, ya mauzo ya bidhaa na huduma yakiwemo. Sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu kufunguliwa. Kwa kweli baadhi hupita, lakini si miaka. Unaweza kujisimamia bila wakili, haifungwi na kanuni kali za ushahidi, na rufaa huenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria tu, kwa hiyo aliyeshindwa hawezi kuanza upya kubishana kama mbao zilipasuka.

Kama sulhu ingevunjika, fundi angefungua madai ya 450,000, mama angejibu kwa madai kinzani ya 324,000, na zote zingeingia humo. Nilimwambia kila mmoja, faragha, ninavyoona ingekwenda. Mama amepokea na ametumia vitanda, kwa hiyo kuvikataa sasa ni vigumu, lakini haki ya kupunguziwa bei kwa kasoro anayo. Picha za nyufa zingemsaidia. Fundi ana hati ya kupokea mzigo yenye saini, lakini tarehe ya hati hiyo ndiyo inayomshuhudia siku 19. Karatasi yake bora ilikuwa pia adui yake. Kila mmoja alipojua hilo, 410,000 haikuonekana tena kama kushindwa.

Jambo ambalo watu hawaulizi mpaka baada ya hukumu: kushinda si kulipwa. Mahakama inakupa hati, na wewe ndiye unayerudi kuomba itekelezwe, kwa dalali wa mahakama au kwa kuzuia akaunti. Kabla ya kufungua kesi, jua mdaiwa ana akaunti gani na mali gani yenye jina lake. Mwenye biashara ambaye kila kitu kimeandikwa jina la shemeji atakushinda hata ukimshinda. Kuhusu riba ambayo mahakama huongeza juu ya deni, wengi mmeniuliza: usiiweke katika madai yako, na lililokuja bila kuliomba liulize kwa mwanachuoni unayemwamini kabla ya kulitia mfukoni.

Msinielewe kuwa sulhu ndiyo jibu la kila kitu. Ndugu mmoja alikuja na deni la mifuko ya saruji: ankara ipo, saini ipo, hakuna lalamiko lolote la ubora, mdaiwa amehamisha duka na hapokei simu. Huyo sikumkalisha kikao hata kimoja. Hapakuwa na la kupatanisha, palikuwa na mtu anayekimbia. Nilimwambia aandike barua ya madai yenye siku 7, aihifadhi nakala, kisha afungue kesi.

Fundi na mama wameandikiana tena, safari hii meza za kulia. Walinileta karatasi niione, na badala ya London wameandika hivi, nanyi mnaweza kuyachukua: "Mzozo ukitokea, mlalamikaji atamwarifu mwenzake kwa maandishi. Ndani ya siku 14 tutakutana na mpatanishi tutakayekubaliana. Tusipoafikiana ndani ya siku 21 tangu taarifa ile, yeyote kati yetu anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo Mombasa." Niliwaongezea kitu kimoja tu kwa kalamu: taarifa hiyo itumwe kwa namba zipi za simu, na kila mmoja aandike yake kwa mkono wake.

Wallahu aalam.